Mkeka Uliogeuka Kitanda

Mbaruku Shemweta alikuwa mkalimani wa mahakama hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Shahidi akisema kwa Kiswahili, Mbaruku anamgeuzia hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akiuliza kwa Kiingereza, Mbaruku anamgeuzia shahidi. Hakuongeza wala hakupunguza. Shahidi akitukana, naye alitukana kwa sauti ileile ya baridi, na mawakili walikuwa wakiinamisha vichwa kuficha kicheko. Mtaani kwetu Ngamiani tulimwita Bwana Neno-kwa-Neno, naye alilipenda jina hilo.

Ila alikuwa na kiu moja ambayo hatukuijua. Tangu ujana alikuwa akitunga mashairi, akiyapeleka redioni na magazetini, na hayasomwi. Vina vilikuwa sawa, mizani haikupungua, lakini hayakuwa na chumvi. Basi alipostaafu, chama cha malenga wa mji kikamwendea. Walikuwa wanatoa kitabu cha mashairi ya wanawake wa Tanga, ukurasa wa kushoto Kiswahili, wa kulia Kiingereza, na shairi walilomwomba alifasiri lilikuwa la Bi Mize Athumani. Mbaruku akaona mlango wake umefunguka.

Shairi lenyewe nani asiyelijua? Liliimbwa katika shughuli tangu Mzee Kassimu, mume wa Bi Mize ambaye sasa ni marehemu, angali hai na anasikiliza. Lina beti tano, na ubeti wa kwanza ni huu:

Ameondoka mwenzangu, bila nyuma kugeuka,
Ameniachia chungu, kingali kinachemka,
Neno lilikuwa langu, kinywani lililotoka,
Mkimwona mwambieni, mkeka nimetandika.

Mbaruku alikwenda kwa Bi Mize kuomba ruhusa. Bi Mize alikuwa kibarazani anachambua mchele, miwani imeshuka puani.

"Dada Mize, wameniambia nikutie Kiingereza."

"Mimi au shairi?"

"Shairi, dada. Wewe huingii."

Bi Mize akacheka. "Haya, litie. Lakini usinipambie, mdogo wangu. Mimi sikulipamba."

"Nitaliweka kama lilivyo."

"Una la kuniuliza?"

"La kuuliza nini? Shairi hili nimelijua tangu sijaoa."

Akanywa kahawa yake, akaaga. Baadaye, kila alipokumbuka maisha yake yote, hapo ndipo aliposimama: aliulizwa kama ana swali, akajibu hana.

Alianza kama alivyozoea, neno kwa neno. Akaandika kwa Kiingereza kwamba mwenzangu ameondoka bila kugeuka nyuma, kwamba ameniachia chungu ambacho bado kinachemka. Alipolisoma kwa sauti, mkewe Mwantumu aliyekuwa akikuna nazi alisimamisha mbuzi.

"Hiyo ni kesi gani?"

"Si kesi. Ni shairi la Bi Mize."

"Mbona kama mtu anatoa taarifa polisi? Ameondoka, ameacha chungu, kinachemka. Sasa askari waje?"

Mwantumu hakujua Kiingereza cha kutosha kufuata kila neno, lakini sikio lake lilikuwa zima. Kilichokosekana ni mwendo. Kwa Kiswahili mstari una mizani kumi na sita, nane na nane, unavuta pumzi katikati, na kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo vina vinakuja vyenyewe kama kuku wanaoitwa kwa mtama. Kiingereza si hivyo. Maneno yake mengi yanafungwa mwishoni kwa konsonanti, na mengi hayana ndugu wa kufanana nayo. Tena Mbaruku aliona kwamba Kiingereza hakihesabu mizani tu, kinasikiliza mapigo, silabi ipi inakazwa na ipi inapita.

Basi akaacha maana ya neno moja moja, akakamata umbo. Mstari mmoja wa Bi Mize akaukata uwe mfupi, silabi nane, mapigo manne. Kisha akatafuta vina. Mstari wa kwanza ulimpa *head*, yaani kichwa, kwa sababu mtu asiyegeuka nyuma kwa Kiingereza hageuzi kichwa. Wa tatu ulimpa *said*, yaani lililosemwa, na masikioni linafanana na lile la kwanza. Wa pili akalazimisha makaa mekundu, *red*, ingawa katika shairi hakuna makaa wala wekundu. Kikabaki kibwagizo. Mkeka kwa Kiingereza ni *mat*, nalo halikukubaliana na wenzake hata kidogo. Akaligeuza, akalipindua, mpaka likamjia jingine: *bed*. Kitanda. Head, red, said, bed. Akapiga meza kwa kiganja.

Palibaki kitu kimoja kidogo ambacho hakukipa hata muda wa kumaliza kikombe. Kiswahili kinasema *ameondoka*, na hiyo *a* yaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinataka ujue: *he* ni mwanamume, *she* ni mwanamke. Bi Mize ni mwanamke, anamlilia mwenzake, basi ni mwanamume. Akaandika *he* kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa tano. Na *mwenzangu* akalifanya *mpenzi wangu*, kwa kuwa lilienda vizuri na mapigo.

Alimsomea Mwantumu na kumweleza.

"Mkeka umekuwa kitanda?" aliuliza Mwantumu.

"Wazungu hawalali mkekani, mke wangu."

"Nani amesema ni wa kulala? Mkeka si hata wa kulia chakula? Wa kusalia? Wa kumkaribisha mgeni?"

"Huo ni ushairi. Mfasiri ana uhuru wake."

"Haya, bwana mfasiri," alisema Mwantumu, akarudi kwenye nazi yake.

Kitabu kilizinduliwa katika ukumbi wa shule, Jumamosi baada ya alasiri. Watu walijaa. Kulikuwa na mikate ya kumimina, sambusa na halua, na Bi Mize aliketi mbele amevaa kanga mpya, mwanawe mkubwa Hemedi, mjumbe wa kamati ya msikiti, kando yake. Mjukuu wake Raya alikuwa amekuja likizo kutoka Uingereza, alikozaliwa na kukulia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kusalimia, basi chama kikampa heshima ya kusoma upande wa Kiingereza.

Bi Mize alisoma kwanza. Ukumbi ukapokea kibwagizo kama kawaida, wanawake wakikiimba pamoja naye. Kisha Raya akasimama. Alisoma vizuri, vina vikigonga mwisho wa kila mstari kama nyundo, na Mbaruku nyuma ya ukumbi alikuwa akihesabu mapigo kwa kidole pajani. Alipofika kwenye kibwagizo, wanafunzi wa kidato cha tano waliokaa dirishani wakaguna. Mmoja akaziba mdomo. Ubeti wa pili, kitanda tena. Wa tatu, kicheko kikapasuka.

"Nini?" aliuliza bibi mmoja. "Anasema nini?"

"Anamwambia bwana kitanda ameshakitandika, arudi!" alijibu kijana, akidhani ananong'ona.

Neno lile lilitembea safu hadi safu. Raya alimaliza, akamgeukia bibi yake kwa upendo mtupu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, na kipaza sauti bado ki mkononi:

"Bibi, huyu mwanamume nani? Babu?"

Wakubwa wote ukumbini walijua hesabu. Shairi lilitungwa Mzee Kassimu yu nyumbani kwake, na haijapata kutokea siku aliyoondoka bila kugeuka nyuma. Kama kuna mwanamume aliyeondoka na kutandikiwa kitanda, hakuwa Mzee Kassimu.

Bi Mize alimtazama Raya, akamtazama Hemedi, kisha akageuza shingo polepole kumtafuta Mbaruku nyuma ya ukumbi. Hakukasirika usoni. Ingekuwa nafuu angekasirika. Akainuka, akajifunika kanga, akatoka kwa mlango wa pembeni, na Hemedi akamfuata amekunja ndita.

Jioni ileile Hemedi alibisha nyumbani kwa Mbaruku. Hakuketi.

"Mzee Mbaruku, wewe ni kama baba yangu, nitakuuliza kwa heshima. Mama alikwambia ni mwanamume?"

"Hakuniambia."

"Alikwambia kitanda?"

"Hapana."

"Umevitoa wapi?"

Mbaruku alifungua kinywa. Alitaka kueleza juu ya mapigo manne, juu ya mat na bed, na kila alichotaka kusema kilionekana kichafu kabla hakijatoka. "Nilikuwa natafuta kina," alisema mwisho.

"Umemvua mama yangu nguo mbele ya mji," alisema Hemedi, "kwa ajili ya kina."

Baada ya hapo Mbaruku hakuonekana barazani. Alianza kusali msikiti wa mbali, kule Chumbageni, ambako hawakumjua. Sokoni aliacha kwenda, akamtuma Mwantumu, naye Mwantumu alirudi na maneno aliyoyaficha mpaka yakamshinda. Wauza mboga walikuwa wanaitana: "Mkimwona mwambieni!" na wengine wanaitikia: "Kitanda nimetandika!" Watoto wameshayafanya mchezo. Mbaruku alisikiliza akiwa amelala chali kwenye kochi, mkono machoni. Kilichomla zaidi ni kwamba mahakamani, mtu akisema *a* bila kufafanua, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimama na kusema, "Mheshimiwa, naomba shahidi aulizwe, ni mwanamume au mwanamke?" Haki hiyo yeye aliwatendea hata wezi wa kuku. Hakumtendea Bi Mize.

"Utalala hapo mpaka lini?" aliuliza Mwantumu.

"Mpaka wasahau."

"Hawasahau. Neno lina kina, wewe mwenyewe umelitia kina. Nenda kwa mwenyewe."

Alikwenda asubuhi, akipita vichochoroni. Bi Mize alimkaribisha ndani, si kibarazani. Mbaruku hakuweza kukaa kitini. Alikaa chini, akaangalia vidole vya miguu yake.

"Dada, nimekukosea."

"Umenikosea."

"Nitasema hadharani. Niambie tu huyo mtu ni nani, nirekebishe."

Bi Mize aliinuka. Kisha akafunga mlango wa ua.

"Unamkumbuka Somoe?"

Mbaruku alimkumbuka kwa mbali. Mzee Kassimu alikuwa na mke wa pili, msichana wa Muheza, mrefu, akaachwa na kusahauliwa.

"Ni mke mwenzangu," alisema Bi Mize. "Tulikuwa na jiko moja. Nilimwonea wivu, Mbaruku, wivu wa kukosa usingizi. Nikamwambia bwana kwamba nimemwona Somoe uani na mtu. Hakukuwa na mtu. Neno moja tu. Bwana hakuuliza, akamwacha mchana uleule. Somoe alikuwa anapika. Akaacha chungu motoni, akachukua furushi lake la nguo, akatoka, hakugeuka. Mimi nikaja nikakitazama kile chungu kinachemka. Nikaona na uchungu wake ameniachia mimi."

Mbaruku hakuthubutu kuinua uso.

"Sikuwahi kumwambia bwana ukweli mpaka amekufa. Watoto hawajui. Nilitunga ili nimwombe radhi mbele ya watu bila watu kujua. *Mwenzangu*. Kila anayelisikia anadhani analijua, na hakuna anayelijua. Mkeka ni wa kukaribishana, tukae tule. Kiswahili kilinisitiri, Mbaruku. Wewe ukaniletea lugha isiyojua kusitiri, na hukuuliza."

"Basi niandike mwanamke?"

"Ukiandika mwanamke, Hemedi atauliza mwanamke gani, na kesho atajua. Sijawa tayari. Na ukiacha mwanamume, nakufa mzinzi."

Ndivyo kazi ilivyoanza upya, sebuleni kwa Bi Mize, Mbaruku akija kila siku kwa njia za uani kama mdaiwa. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuepuka *he* na *she* kwa kusema *you*, yaani wewe. Umeondoka, umeniachia. Neno hilo halina jinsi. Alilieleza kwa furaha kidogo, furaha ya kwanza tangu ukumbini.

Bi Mize akatikisa kichwa. "Hapana. Huo ni uongo mwingine. Mimi sikuthubutu kumwambia *wewe*. Ningekuwa na uso wa kumwambia *wewe*, ningekwenda Muheza. Ndiyo maana nawatuma watu: *mwambieni*. Ukiniwekea *wewe* umenifanya jasiri."

Mbaruku akarudi nyumbani na hilo. Alitambua kwamba ile *a* aliyoidharau ndiyo ilikuwa shairi. Akajaribu kuondoa mtendaji kabisa. Kiingereza kinaruhusu, kwa shida, kuanza na hali yenyewe: *Gone*. Hayupo tena. Nani? Sentensi haisemi. Neno *mwenzangu* lilimhangaisha siku nyingi; rafiki lilikuwa jepesi, mpenzi lilikuwa kosa lilelile, mke mwenza lilikuwa siri yenyewe.

"*Mwenza* ni nini kwako, dada?"

"Ni mtu mliyegawana kitu."

Akapata: aliyegawana nami jiko, na jiko ni *stove*. Hapo kwa mara ya kwanza aliisikia sauti. Neno lile lina *o* ndefu katikati, inayovutwa. Vina vya mwisho hangeweza tena, vilikuwa vimemtia aibu ya kutosha, lakini irabu ya ndani ilikuwa ya bure. Kuchemka mpaka kufurika kuna *over*. Kutamka kuna *spoke*. Na mkeka akaurudisha mahali pake, mkeka wa kawaida kabisa, ila kuutandika akakuita kuukunjua: *unrolled*. Stove, over, spoke, unrolled. Havikuwa vina, konsonanti za mwisho zilikataa kushikana mikono. Lakini kila mstari ulikuwa na mlio mmoja ndani yake, kama mtu anayevuta pumzi kwa huzuni.

Lililomshinda ni chungu. Kwa Kiswahili neno moja limebeba chombo cha udongo cha kupikia na ladha ya shubiri. Kiingereza kina maneno mawili yasiyojuana. Akayaweka yote mawili kando kwa kando, na alilieleza hilo kwa aibu: "Hapa nimefunua, dada. Wewe ulificha neno ndani ya neno. Mimi nimeyatoa nje yote mawili. Sikupata njia."

"Nisomee."

Akasoma. Bi Mize hakuelewa hata neno moja, lakini alisikiliza amefumba macho, kichwa kikienda. Palipokuwa na mstari ulioruka alisema "hapo unakimbia," na Mbaruku alipotazama akakuta kweli ameweka silabi fupi nyingi pamoja. Mwisho alisema:

"Lile la kwanza lilikuwa linacheza ngoma. Hili linalia. Liache."

Chama kilichapa karatasi moja moja, na Mbaruku mwenyewe ndiye aliyezunguka mji na gundi, nyumba kwa nyumba, akibandika ukurasa mpya juu ya wa zamani. Ilikuwa adhabu aliyojichagulia. Kila mlango ulimuuliza swali lile.

"Kwa hiyo si mwanamume?"

"Mtungaji hakusema mwanamume. Hakusema kitanda. Niliongeza mimi, kosa ni langu."

"Basi ni nani?"

"Shairi halisemi."

"Aa, mzee, unamfunika!" wengine walisema wakicheka, na kumkaribisha chai. Hakuweza kujitetea, maana utetezi wote ulikuwa jina la Somoe. Walioamini waliamini, wasioamini waliona kwamba mkalimani amelipwa fadhila afute ushahidi. Hemedi alifungua mlango, akapokea karatasi, akabandika mwenyewe bila neno. Lakini alimpa mkono.

Bi Mize alikwenda Muheza mwaka uliofuata. Alikwenda peke yake, akarudi siku ileile. Mbaruku alimwona akishuka garini, akataka kuuliza, na uso wake ukamzuia. Bi Mize aliishi miaka miwili baada ya hapo, na kama Somoe alimfungulia mlango au hakumfungulia, hakuna aliyesikia.

Mbaruku bado yu hai. Mwezi uliopita shule moja ya sekondari ilifanya sherehe ya lugha, nikakaa naye safu ya mbele. Msichana mmoja alipanda jukwaani, sare imepigwa pasi, akakariri shairi la Bi Mize kwa Kiingereza bila kushika karatasi. Head, red, said, bed. Alikuwa na sauti nzuri, na ukumbi ulipiga makofi.

Mbaruku alimwinamia mwalimu wa fasihi aliyekaa kando yake. "Mwalimu, ukurasa huo ulibadilishwa. Hamkupata ule mpya?"

"Tulipata, mzee. Upo maktaba. Lakini ule hauna vina, wanafunzi hawaukamati. Huu wanaukariri siku moja." Akatabasamu kwa heshima ya kweli. "Hii ndiyo kazi yako bora, mzee wangu."

Kisha mwalimu akainuka, akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba mfasiri wa shairi lile yumo humu ukumbini, na kumwomba asimame watoto wamwone. Makofi yakaanza upya. Mbaruku alinishika mkono, akajikongoja, akasimama, macho yake sakafuni, akasubiri yaishe.